Pangaboi la inchi 56 limetulia spidi ya 5 lakini linanguruma spidi ya 1 na ya 2: tatizo ni feni au regyuleta?

Mwenyeji wa Nyegezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita huku Nyegezi, Mwanza, upande unaoelekea ziwani, na vyumba vyote nimefunga pangaboi la aina moja, nililonunua kwa mkupuo. Nitalieleza kwa ukamilifu ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Boksi linasema kipimo ni inchi 56, yaani milimita 1400, mapanga ni matatu ya bati, mota ni ya wati 75 kwa umeme wa volti 220 hadi 240, na mwendo wa juu ni mizunguko 320 kwa dakika. Regyuleta iko ukutani, ni kile kitufe cha duara kinachozungushwa, kimeandikwa 1 hadi 5. Chumba kina mita 3.5 kwa 4, dari ni ya jipsamu, na kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga ni mita 2.5. Feni imening'inizwa kwenye ndoano iliyofungwa kwenye mbao ya kenchi, si kwenye jipsamu.

Spidi ya 5 sauti inayosikika ni ya upepo tu. Nikishuka hadi 3 unaanza mvumo wa chini chini, na nikifika 2 na 1 unakuwa mngurumo kamili, ambao mchana huwezi kuujali lakini saa nane za usiku, mji ukiwa kimya, mgeni anausikia akiwa kitandani. Feni haichezi wala haiyumbi. Wageni wangu wanalala na spidi ya 5 mwanzo wa usiku, kisha alfajiri, upepo wa nchi kavu ukishapoa, wanaona baridi, wanapunguza, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

Naomba kujua mambo mawili. La kwanza, mngurumo huu unatoka wapi? La pili, muuzaji aliniambia kwamba feni inakula umeme uleule hata ukiiweka spidi ya 1, kwa hiyo nisijisumbue kuwaambia wageni wapunguze. Je, ni kweli?

Kijana wa Buhongwa

Mkuu, hizo ni beringi zimekufa. Feni ikienda kasi beringi zinakaa sawa, ikienda polepole zinaanza kulalamika. Nenda na feni kwa fundi, afungue mota, aweke beringi mpya na grisi, utalala kama mtoto. Pia ungechukua inchi 36 badala ya 56, kwa sababu feni kubwa inakula umeme mwingi na chumba chako ni kidogo.

Fundi Koili

Kijana, beringi ni moja ya sababu za kelele, lakini maelezo ya mwenye uzi hayaelekei huko, kwani beringi iliyochakaa kwa kawaida hupiga kelele zaidi feni inapokwenda kasi. Isitoshe, ni vigumu kuamini kwamba beringi za feni sita zichakae kwa pamoja na kwa namna ileile.

Ndugu Mwenyeji, kabla hujamwita mtu apande ngazi, fanya jaribio hili ambalo halihitaji kifaa chochote. Usiku kukiwa kimya, weka feni spidi ya 2 mpaka mngurumo usikike vizuri, kisha zima swichi huku ukisikiliza. Mapanga yataendelea kuzunguka kwa muda, kwa sababu mzunguko wa inchi 56 ni mzito na hausimami ghafla. Mngurumo ukikatika palepale unapozima, ilhali mapanga bado yanazunguka, basi ni sauti ya umeme ndani ya koili, na beringi hazihusiki hata kidogo. Ukiendelea kusikika na kupungua kadiri mapanga yanavyopungua mwendo, hapo sababu ni ya kimakanika: beringi, skrubu zilizolegea, au mapanga yasiyolingana uzito.

Kuhusu inchi 36, siafiki. Feni ndogo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ikupe upepo wa kuridhisha, kwa hiyo sauti yake ya upepo ni kubwa zaidi, na mota yake haiwi ndogo kwa kiasi mnachodhani; nyingi ninazokutana nazo zina wati 50 na kitu. Kwa chumba cha mita 3.5 kwa 4, inchi 48 ingetosha, na 56 ni nzuri zaidi kwa sababu inaweza kwenda polepole na bado ukahisi hewa, mradi regyuleta iruhusu hilo bila kelele.

Mama wa Igoma

Samahani nakatiza. Mimi nilinunua pangaboi lililoandikwa inchi 56, nikapima panga moja kwa futi ya fundi cherehani nikakuta sentimita 57 tu, yaani inchi 22 na kidogo. Nadhani nimeuziwa dogo. Nyinyi mnapima vipi?

Fundi Koili

Mama, hujaibiwa. Kipimo cha feni ya dari ni upana wa duara lote ambalo ncha za mapanga zinachora hewani, wala si urefu wa panga moja. Pima kuanzia katikati kabisa ya mota hadi kwenye ncha ya panga, kisha zidisha mara mbili. Ukipata sentimita 70 kutoka katikati, hiyo ni 1400, sawa na inchi 56. Panga lenyewe ni fupi kwa sababu sehemu ya ndani ya duara imechukuliwa na mota pamoja na vile vyuma vinavyoshika mapanga.

Unapopaswa kuwa macho ni kwenye feni za kusimama, maana wapo wauzaji wanaopima kizuizi cha waya cha nje na kuita hicho ndicho kipimo, wakati panga ndani yake ni dogo kwa inchi nzima au zaidi.

Mwenyeji wa Nyegezi

Ahsante, Fundi. Nimefanya jaribio kwenye vyumba vitatu visivyo na wageni. Katika vyote, mngurumo unakatika papo hapo ninapozima, na mapanga yanaendelea kuzunguka kimya. Katika kimoja tu, kile cha mwisho kilicho karibu zaidi na ziwa, kuna sauti nyingine ndogo ya kugonga gonga ambayo inaendelea baada ya kuzima.

Fundi Koili

Vizuri, umetenganisha matatizo mawili, na la kwanza sasa linaeleweka.

Regyuleta yako ni ya elektroniki, ile inayozunguka laini bila kugota. Inapunguza mwendo kwa kukata kipande cha kila wimbi la umeme kabla halijafika kwenye mota. Umeme wetu ni wa mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi lina nusu mbili, kwa hiyo umeme unakatwa na kurudishwa ghafla mara 100 kila sekunde. Koili na mabati ya ndani ya mota yanatikisika kwa mdundo huohuo, na huo ndio mngurumo wako. Kwenye 5 karibu wimbi lote linapita, ndiyo maana ni kimya. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokata zaidi na ndivyo mota inavyonguruma. Ukiwa na redio ya masafa ya kati, isogeze karibu na regyuleta wakati feni iko kwenye 2; ikianza kukoroma, umepata ushahidi wa pili.

Dawa ni regyuleta ya kapasita. Kwa macho zinafanana, lakini hii inagota kwa sauti ya "tak" kwenye kila namba, na ndani yake kuna kapasita mbili au tatu zinazounganishwa kwa namna tofauti kila unapogeuza. Haikati wimbi, inapunguza tu volti inayofika kwenye mota, na wimbi linabaki karibu na umbo lake. Nunua moja kwanza, funga chumba kimoja, sikiliza, ndipo uamue juu ya vyumba vingine. Zima swichi kuu kabla ya kufungua boksi la ukutani, usitegemee swichi ya feni peke yake, kwa sababu nimekuta nyumba ambazo swichi inakata nyutro na kuacha waya wa moto ukiwa na umeme.

Mzee wa Kirumba

Zamani tulikuwa na lile boksi kubwa la regyuleta lenye waya wa kupasha moto ndani. Halikuwa linanguruma hata kidogo, na feni ilikuwa ikienda polepole kabisa. Kwa nini asitafute hilo? Na huyo muuzaji hakukosea sana kusema umeme ni uleule, kwa sababu boksi lile lilikuwa la moto hata huwezi kuweka mkono, na joto hilo ni umeme mliolipia.

Fundi Koili

Shikamoo, mzee. Uliyosema ni sahihi, na nadhani hapo ndipo maneno ya wauzaji yalipotokea. Katika boksi la zamani, umeme usiofika kwenye feni ulikuwa unageuka joto ukutani, kwa hiyo ukishusha mwendo hukuokoa kwa kiwango unachotarajia. Watu waliyashika maneno hayo wakaendelea kuyasema hata baada ya boksi lenyewe kubadilika. Kapasita haichomi umeme kwa namna hiyo. Shika regyuleta yake baada ya saa nzima, utaikuta haina joto la maana. Kwa hiyo ukimya wa boksi la zamani unaupata, na moto wake unauacha.

Mzee wa Kirumba

Marahaba. Nimekuelewa, ingawa boksi langu lilifanya kazi miaka mingi na hizi za siku hizi zinakufa kila mvua za radi.

Mkazi wa Mkolani

Nami nina tatizo kama lake, ila langu ni inveta. Umeme wa gridi ukiwepo feni iko kimya spidi zote. Umeme ukikatika na inveta ikashika, feni inanguruma hata spidi ya 5 na inapungua mwendo. Nimebadilisha betri lakini hali haijabadilika. Mnanishauri nibadilishe regyuleta?

Fundi Koili

Ndugu wa Mkolani, swali lako ni tofauti kidogo na la uzi, ila chanzo ni ndugu wa karibu. Inveta yako bila shaka ni ile ya bei nafuu inayotoa mawimbi ya ngazi, yenye kona kali, badala ya mawimbi laini kama ya gridi. Mota inaliona wimbi lenye kona kama inavyoliona lile lililokatwa na regyuleta, nayo inanguruma. Betri haina hatia, na regyuleta ya kapasita haitakusaidia, kwa sababu wimbi linakuja likiwa limeshaharibika kabla ya kulifikia. Ama utafute inveta ya mawimbi laini, ama uvumilie. Na unapokuwa kwenye inveta ya namna hiyo, usiiache feni kwenye spidi ya chini usiku kucha, maana mota itapata joto.

Mwalimu wa Hesabu, Pasiansi

Ningependa kulijibu swali la pili la mwenye uzi kwa kipimo, kwa sababu kila mtu ana mita ya LUKU na mita hiyo inaweza kupima feni moja bila gharama yoyote. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake kuna namba kama `1600 imp/kWh` au `1000 imp/kWh`. Ya kwangu ni 1600, maana yake taa inapepesa mara 1600 kwa kila yuniti moja.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja zikiwemo, uache feni tu. Subiri mwendo utulie, kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1600, gawanya 2250 kwa sekunde hizo, utapata wati. Kwa mita ya 1000, gawanya 3600. Usitegemee mpepeso mmoja. Pima mfululizo wa mipepeso kadhaa ugawanye, hasa feni ikiwa polepole.

Mwenyeji wa Nyegezi

Mwalimu, nashukuru sana. Nilisubiri siku ambayo nyumba haikuwa na mgeni. Mita yangu nayo ni ya 1600. Nilinunua regyuleta moja ya kapasita, lakini nilipima kwanza kwa ile ya zamani.

Spidi ya 5, mpepeso kila sekunde 30, yaani wati 75, sawasawa na boksi. Spidi ya 1 kwa regyuleta ya elektroniki, kila sekunde 70, yaani wati 32 hivi. Baada ya fundi kufunga ya kapasita, spidi ya 5 ilibaki sekunde 30, spidi ya 3 ikawa sekunde 50, yaani wati 45, na spidi ya 1 ikawa sekunde 110, yaani wati 20 na nukta.

Mngurumo umeondoka. Spidi ya 2 sasa nasikia upepo tu, na spidi ya 1 lazima nisimame chini ya mota ndipo nisikie kitu. Kwa hiyo muuzaji alikosea kwa regyuleta zote mbili.

Kijana wa Buhongwa

Basi kapasita inaokoa wati 12 zaidi ya elektroniki. Hapo ndipo pa kushika.

Fundi Koili

Taratibu, kijana. Hatujui kama spidi ya 1 ya regyuleta moja ni sawa na spidi ya 1 ya nyingine. Namba ukutani haina kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji anaamua mwenyewe. Huenda ya kapasita imeipeleka feni polepole zaidi, na wati zikapungua kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya ubora wake. Ili kulinganisha kwa haki, bandika kipande cha karatasi nyeupe kwenye panga moja, uhesabu mizunguko kwa dakika katika kila hali. Mimi ningekubali kwamba ni kimya zaidi, hilo limethibitika. Kuhusu kuokoa umeme kwa mwendo uleule, bado.

Mwalimu wa Hesabu, Pasiansi

Nakubaliana na Fundi. Hata hivyo tofauti ya 75 na 45 inatosha kufanyia hesabu. Mgeni akilala saa 9 kwa spidi ya 5, ni yuniti 0.675 kwa usiku, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 20 na robo. Kwa anayepata yuniti 28 kwa shilingi 10,000, hiyo ni kama shilingi 7,230 kwa chumba. Kwa spidi ya 3 ni yuniti 12 na kidogo, kama shilingi 4,340. Mwenye uzi ana vyumba sita, ingawa bila shaka havijai kila usiku.

Mama wa Igoma

Hesabu hiyo kwangu inakuja kwa sura nyingine. Mimi niko kwenye ule utaratibu wa matumizi madogo wa yuniti 75 kwa shilingi 9,150. Mwalimu akisema feni moja ni yuniti 20, basi ni zaidi ya robo ya yuniti zangu zote za nafuu, na nikivuka 75 kila yuniti ya ziada inauzwa kwa bei kubwa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo pangaboi la sebuleni ninaliwasha, chumbani ninatumia feni ya kusimama.

Muuza Feni Makoroboi

Mama amegusa jambo. Feni ya kusimama ya inchi 16 ina wati 50 hivi kwenye kitufe cha 3 na wati 35 hivi kwenye kitufe cha 1, na haingurumi kwa namna anayoelezea mwenye uzi, kwa sababu spidi zake hazitoki kwenye regyuleta ya ukutani. Koili ya mota yenyewe ina matawi matatu, na kitufe kinachagua tawi. Kelele zake ni za aina nyingine: upepo wa panga dogo linalokwenda zaidi ya mizunguko 1200 kwa dakika, kizuizi cha mbele kinachotikisika klipu zikilegea, na gia ya kuzungusha kichwa inayotoa mlio kila inapofika mwisho wa upande. Mwenye nyumba ya wageni angeweka hizi, zinaondoka na kurudi, hakuna kutoboa dari.

Mwenyeji wa Nyegezi

Nilishakuwa nazo, ndugu. Mgeni anaamka gizani anajikwaa kwenye waya, na mashine yenyewe inasimama kati ya kitanda na mlango. Pia spidi ya 1 ya feni ile bado ni upepo mkali unaopiga upande mmoja wa mwili, haiwi laini kama ya juu. Kwa nyumbani sina ubishi nayo.

Dada wa Capripoint

Nashangaa hakuna aliyetaja chandarua. Tuko kando ya ziwa, na mgeni yeyote mwenye akili anashusha chandarua. Kitambaa kile chenye matundu madogo kinavunja upepo, na aliye ndani anahisi sehemu ndogo tu ya kile anachokihisi aliyesimama chumbani. Kwa hiyo ukimya wa spidi ya 1 na ya 2 ni mzuri kwa anayepima akiwa amesimama chini ya feni, ila aliyelala ndani ya chandarua atarudi kwenye 4 au 5. Mwenyeji, ulipima ukiwa wapi?

Mwenyeji wa Nyegezi

Nilipima nikiwa nimesimama. Vyandarua vyangu ni vya mviringo, vinaning'inia kwenye ndoano ya darini, karibu sentimita 80 kutoka ukingo wa duara la mapanga.

Fundi Koili

Dada wa Capripoint amesema la maana, na hapo pia kuna hatari. Chandarua cha mviringo kikiwa karibu hivyo, upepo wa spidi ya 5 unakipeperusha, na chandarua chepesi kikivutwa juu kinaweza kunaswa na panga. Badilisha viwe vya pembe nne vinavyoshikwa na miti ya kitanda, paa lake likiwa chini sana ya mapanga. Upepo wa feni ya dari unashuka wima, kwa hiyo unaingia kwa paa la chandarua. Kadiri paa linavyokuwa pana na lililonyooka, ndivyo hewa inavyopita kwa wingi kuliko kwenye koni ya kile cha mviringo ambayo kitambaa kimekunjana.

Lala ndani yake usiku mmoja kwa spidi ya 3, ndipo utuambie.

Muuza Feni Makoroboi

Kwa hali hiyo ningemshauri aangalie feni za mota ya sumaku, zile zenye rimoti na herufi BLDC kwenye boksi. Inchi 56 ileile inatumia wati 28 hadi 35 kwenye spidi ya juu. Mgeni akiweka 5 usiku kucha kwa sababu ya chandarua, mwenye nyumba hapati hasara kubwa, na spidi za chini hazingurumi kwa sababu mwendo unadhibitiwa ndani ya feni yenyewe.

Mwalimu wa Hesabu, Pasiansi

Kwa wati 28 na saa 9, ni yuniti 7 na nusu kwa mwezi, kama shilingi 2,700. Tofauti na ile ya wati 75 ni shilingi 4,500 hivi kwa chumba kinacholaliwa kila usiku. Mwenyeji, tofauti ya bei uliyotajiwa ni ipi?

Mwenyeji wa Nyegezi

Duka moja la mjini limenitajia shilingi 60,000 zaidi kwa kila feni.

Mwalimu wa Hesabu, Pasiansi

Basi ni zaidi kidogo ya mwaka mmoja kama chumba kinajaa kila usiku, na zaidi ya miaka miwili kikijaa nusu ya siku. Hiyo ni kama mgeni anatumia spidi ya 5 muda wote. Akitumia 3, faida inapungua zaidi. Kwa feni ambayo tayari unayo na ni nzima, mimi nisingeing'oa. Kwa chumba kipya ningefikiria.

Fundi Koili

Nami ningeongeza kwamba feni hizo zina bodi ya elektroniki ndani, na umeme wetu una tabia ya kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Pangaboi la kawaida likipigwa, mara nyingi kinachokufa ni kapasita ndogo ya mikrofaradi 2.5 au 3.15, ambayo fundi yeyote anaibadilisha. Bodi ikifa, unatafuta bodi ya kampuni ileile, na huenda usiipate. Pia wasije wakaiunganisha na regyuleta ya ukutani. Lazima ipewe umeme wa moja kwa moja.

Muuza Feni Makoroboi

Zipo zenye kinga ya hadi volti 300, Fundi. Nimeuza nyingi, na zilizorudi ni chache.

Fundi Koili

Huenda. Wengine hawarudi dukani, wanakuja kwangu.

Mkazi wa Mkolani

Na je, feni inayoanza vizuri lakini jioni inazunguka kivivu hata kwenye 5? Hiyo ni ya sebuleni, haipiti kwenye inveta.

Fundi Koili

Ikiwa ni jioni tu na asubuhi iko sawa, pima volti kwenye soketi. Nguvu ya mota inashuka haraka kuliko volti yenyewe. Volti 230 zikishuka hadi 180, inabaki kama asilimia 60 tu. Ikiwa ni kivivu saa zote, ni ile kapasita ndogo imechoka.

Mwenyeji wa Nyegezi

Nimerudi na majibu. Nimebadilisha regyuleta za vyumba vyote sita na kuweka chandarua cha pembe nne katika kimoja. Nililala humo. Spidi ya 3 ilinitosha hadi saa kumi alfajiri, kisha nikashuka hadi 2. Mke wangu anasema kwake 3 haikutosha na alitaka 4, kwa hiyo hapo hatujaafikiana.

Kile chumba cha mwisho chenye kugonga gonga, nilipanda ngazi nikakuta ukingo wa mbele wa kila panga umeganda tope jeusi la vumbi lililochanganyika na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kufuata taa. Panga moja lilikuwa na tabaka nene kuliko mengine, na skrubu yake moja imelegea. Nimefuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni huku nikilishika panga kwa chini lisipinde, nikakaza skrubu zote. Kugonga kumepungua sana, lakini kwenye spidi ya 4 peke yake bado nasikia kitu. Spidi ya 3 na ya 5 ni kimya.

Fundi Koili

Spidi moja tu kupiga kelele, huku ya juu yake na ya chini yake zimetulia, mara nyingi ni kitu kinachoitikia mdundo huo: kikombe cha plastiki kinachofunika ndoano, au jipsamu iliyogusana na bomba. Shusha kile kikombe cha juu kwa sentimita mbili kisiguse dari, uwashe 4. Pia angalia kama ule mpira wa kwenye ndoano upo. Mafundi wengi wanautupa wakidhani ni wa kufungia mzigo.

Mwenyeji wa Nyegezi

Mpira haupo. Nimemuuliza aliyefunga, anasema haukuwemo kwenye boksi.

Muuza Feni Makoroboi

Ulikuwemo. Njoo nalo boksi nikuonyeshe kwenye karatasi ya maelekezo, na mpira wenyewe nitakupa.